Viambishi vya Wakati katika Shairi la Kumpokea Hajati

Katika somo lililotangulia tulivitazama viambishi vya wakati kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya sentensi yake. Katika somo hili tutavitazama vikifanya kazi pamoja ndani ya utungo mmoja mfupi, yaani shairi la kumkaribisha jamaa anayerejea kutoka Hija, linalosomwa mbele ya lango la nyumba yake. Tumelichagua shairi la namna hii kwa sababu linamlazimu mtunzi kusema mambo manne kwa kufuatana: ya kwamba msafiri amefika, ya kwamba alikwenda akafanya ibada zake kwa utaratibu wake, ya kwamba tunamwombea kheri, na ya kwamba tunamtaka naye atuombee. Kila moja la mambo hayo lina umbo lake la kitenzi. Mtunzi akikosea umbo, huwa amesema jambo jingine mbele ya mtu anayelijua.

Hali ya usomaji

Mfano wetu unatoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, na ambamo Waislamu ni wengi. Bibi amerudi kutoka Maka. Wajukuu, majirani na wazee wamekusanyika langoni. Wengine wanamwambia, "Hija mabruri, Bibi," nao watoto wanangoja maji ya Zamzamu. Mjukuu mmoja anasogea mbele akiwa na karatasi yake.

Mambo mawili ya hali hiyo yanaathiri sarufi ya shairi. La kwanza ni kwamba anayesifiwa amesimama pale pale, anasikia. Kwa hiyo shairi linamsemesha katika nafsi ya pili, "umefika", wala halimsimulii katika nafsi ya tatu, "amefika". La pili ni desturi iliyoenea kwa Waislamu wengi, ya kumwomba mtu aliyetoka Hija awaombee wenziwe dua kabla hajaingia nyumbani kwake. Hii ndiyo sababu ya shairi kusomwa langoni, si ukumbini, na ndiyo sababu ya beti za mwisho kuwa beti za maombi. Tena msafiri amechoka, na watu wamesimama. Beti tano zinatosha.

Shairi

*Bibi yetu umefika, langoni tumesimama,*
*Dua zimekubalika, tumekupata salama,*
*Vijana wamezunguka, wote wanakutazama,*
*Hajati umerejea, karibu nyumbani kwako.*

*Ulituaga Buyenzi, kwa machozi ukapita,*
*Ukayaacha majonzi, Maka ukaifuata,*
*Ukatufu kwa mapenzi, saba bila ya kusita,*
*Hajati umerejea, karibu nyumbani kwako.*

*Kati ya Safa na Marwa, ukenda ukaja tena,*
*Arafa ulipokuwa, ukatuombea sana,*
*Kulipokucha ukawa, unarusha mawe Mina,*
*Hajati umerejea, karibu nyumbani kwako.*

*Mungu aitakabali, hija yako ya imani,*
*Akusamehe kwa kweli, akujalie amani,*
*Abariki yako hali, na afya yako mwilini,*
*Hajati umerejea, karibu nyumbani kwako.*

*Nyumbani hujaingia, simama utuombee,*
*Wenye shida na udhia, Rabi awaangalie,*
*Nasi tuliobakia, Mola atuitikie,*
*Sasa Hajati ingia, karibu nyumbani kwako.*

Shairi hili ni tarbia: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani minane. Kabla ya kuendelea, tunamwomba mwanachuo ausome kwa sauti ubeti wa kwanza na kuhesabu mizani kwa vidole, ili ahakikishe kwamba kipande "Bibi yetu umefika" kina mizani sawa na "langoni tumesimama". Hesabu hiyo tutaihitaji baadaye.

Ubeti wa kwanza: -me- ya langoni

Ubeti wa kwanza umejaa kiambishi -me-: umefika, tumesimama, zimekubalika, tumekupata, wamezunguka. Kiambishi hiki husema kwamba tendo limekwisha na hali iliyotokana nalo ingali ipo. Bibi amefika, naye yupo. Sisi tumesimama, nasi tungali wima. Pale ambapo hakuna tendo lililokwisha, bali tendo linaloendelea, mtunzi ametumia -na-: "wote wanakutazama".

Tuseme mjukuu angeandika "Bibi yetu ulifika, langoni tulisimama". Mizani ingetimia na vina vingekaa. Lakini msikilizaji angedhani kwamba anasimuliwa siku nyingine, labda safari ya mwaka uliopita, kwa maana -li- huliweka tendo zamani bila kulifunga na hali ya sasa. Anayesema "tulisimama langoni" haelezwi kuwa bado yupo langoni.

Kosa hili huwapata zaidi wanafunzi wanaozungumza Kirundi au Kinyarwanda nyumbani, na mwalimu anapaswa kujua linatoka wapi. Katika lugha hizo, kitenzi cha wakati uliopita hutofautisha tendo la leo na tendo la jana au la kabla ya jana. Kwa hiyo mwanafunzi hujiuliza, "Lilitendeka lini?" Kiswahili hakimuulizi hivyo katika kuchagua baina ya -li- na -me-. Kinamuuliza, "Je, matokeo yake yapo hadi sasa?" Mwanafunzi aliyezoea swali la kwanza huenda akaifanya -me- kuwa wakati wa leo na -li- kuwa wakati wa jana, kisha akaandika "ulifika" kwa sababu tu ndege ilitua jana usiku. Msahihishie swali, na jibu litajisahihisha.

Mwenzi wa -me- katika ukanushi ni -ja-, nao umetumiwa kwa makusudi mwanzoni mwa ubeti wa tano: "Nyumbani hujaingia". Umefika langoni, hujaingia nyumbani: hapo ndipo Bibi alipo wakati shairi linasomwa, baina ya kufika na kuingia. Kama mtunzi angeandika "hukuingia", ambayo ni ukanushi wa -li-, angekuwa amesema kwamba nafasi ya kuingia ilikuwapo ikapita. Hilo si neno la kumwambia mwenye nyumba.

Ubeti wa pili na wa tatu: -li- hufungua, -ka- hufuatisha

Sasa shairi linarudi nyuma kusimulia safari. Kitenzi cha kwanza kina -li-: "Ulituaga". Baada ya hapo -li- haionekani tena peke yake. Vitenzi vinavyofuata vinachukua -ka-: ukapita, ukayaacha, ukaifuata, ukatufu, ukenda, ukaja, ukatuombea, ukawa. Kazi ya -li- ni kuufungua mlango wa wakati uliopita. Kazi ya -ka- ni kusema kwamba tendo hili lilikuja baada ya lile lililotajwa kabla yake.

Katika Hija mfuatano una uzito. Mwenye kuhiji hutufu Kaaba mara saba, kisha huenda baina ya Safa na Marwa mara saba. Tarehe 9 ya Dhulhija, ambayo Waswahili huiita Mfunguo Tatu, husimama Arafa. Usiku unaofuata hulala Muzdalifa, na tarehe 10 hurusha mawe Mina. Kusimama Arafa ni nguzo ambayo hija haisihi bila yake, na wakati wake hukoma alfajiri ya tarehe 10. Anayesikiliza shairi langoni ametoka huko juzi tu.

Tuchukue basi mfano wa mshororo ambao mwanachuo huweza kuutunga kwa sababu ya kutafuta kina:

*Mina ukarusha mawe, Arafa ukasimama.*

Mizani ni minane kwa minane. Kila neno ni la Kiswahili sanifu. Upatanisho wa kisarufi hauna dosari. Hata hivyo mshororo una kosa, na kosa lenyewe ni la -ka-. Kwa kuwa "ukasimama" imekuja baada ya "ukarusha", sentensi inadai kwamba Bibi alirusha mawe kwanza, kisha akaenda kusimama Arafa. Kwa maana ya maneno yenyewe, mjukuu amemwambia bibi yake mbele ya majirani kwamba aliikosa nguzo kuu ya hija yake. Bibi huenda akatabasamu tu, lakini wazee waliokwisha kuhiji watatazamana.

Kosa kama hili linatambulikaje? Njia iliyo nyepesi ni kuchomeka neno "kisha" mbele ya kila kitenzi chenye -ka- na kuusoma mshororo upya: "Mina ukarusha mawe, kisha Arafa ukasimama." Ikiwa maneno yaliyopatikana si kweli, -ka- haifai mahali hapo au mpangilio ndio usiofaa.

Namna za kulirekebisha ni tatu, na mwanachuo anapaswa kuzijua zote kwa sababu kila moja ina gharama yake. Namna ya kwanza ni kubadilishana vipande: "Arafa ukasimama, Mina ukarusha mawe." Mfuatano umenyooka, lakini kina cha kati sasa ni -ma na kina cha mwisho ni -we, kwa hiyo mishororo mingine ya ubeti huo haina budi kufuata. Namna ya pili ni kuiacha -ka- na kurudia -li-: "Mina ulirusha mawe, Arafa ulisimama." Hapa vina havikuguswa. Kiambishi -li- kikirudiwa huorodhesha matendo ya zamani bila kudai kwamba la pili lilifuata la kwanza. Msikilizaji atalielewa kuwa hesabu ya mambo yaliyofanyika, si hadithi ya hatua kwa hatua. Gharama yake ni kwamba usimulizi unapoa. Namna ya tatu ndiyo iliyotumiwa katika shairi letu, nayo ni kutumia -po- ya wakati: "Arafa ulipokuwa", "Kulipokucha". Neno "kulipokucha" linaufunga mshororo wa Mina na asubuhi iliyoufuata usiku wa baada ya Arafa, hata msikilizaji hawezi kukosea.

Mwanachuo makini atauliza: mbona Muzdalifa haikutajwa? Kiambishi -ka- hakidai kwamba hapakuwa na jambo lolote katikati. Kinadai tu kwamba la pili lilikuja baada ya la kwanza. Mtunzi ana ruhusa ya kuruka hatua, ila hana ruhusa ya kuzipindua.

Kabla hatujauacha ubeti wa tatu, tutazame vitenzi vya silabi moja. Mzizi wa "kuja" ni -j-, na wa "kuwa" ni -w-. Baada ya -me-, -li- na -na-, vitenzi hivi huihifadhi ku-: umekuja, ulikuja, unakuja. Baada ya -ka- huidondosha: ukaja, ukawa. Kwa hiyo "ukakuja", tunayoisikia mara nyingi mitaani, si sanifu. Kuhusu "kwenda", maumbo "ukaenda" na "ukenda" yote mawili yanakubalika. La pili ni la mkato, nalo limechaguliwa hapa kwa kuwa kipande kilihitaji mizani mitatu, si minne.

Ubeti wa nne: dua na hali tegemezi

Katika ubeti wa nne, ukiacha kibwagizo, viambishi vya wakati vinatoweka kabisa. Tunasoma: aitakabali, akusamehe, akujalie, abariki. Hii ni hali tegemezi, ambayo hutumika kuomba, kutakia na kuamrisha kwa upole. Alama zake ni mbili. Ya kwanza ni kukosekana kwa kiambishi cha wakati baada ya kiambishi cha nafsi. Ya pili ni irabu ya mwisho -a kugeuka -e.

Alama ya pili ndiyo inayowachanganya wanafunzi, kwa sababu katika ubeti huu imeonekana mara moja tu: -jalia imekuwa akujalie. Vitenzi -takabali, -samehe na -bariki vimetoka katika Kiarabu, navyo havikuishia kwa -a tangu mwanzo. Irabu ya mwisho ya vitenzi vya namna hiyo haibadiliki. Tunasema "Mungu akubariki", wala hatusemi "Mungu akubarike". Lugha ya dua imejaa vitenzi vya asili hiyo, kwa hiyo mwalimu akifundisha kwamba alama ya hali tegemezi ni -e peke yake, atawafikisha wanafunzi wake langoni wakiwa na kanuni isiyofanya kazi. Afadhali aanze na alama ya kwanza: tazama kama kiambishi cha wakati hakipo.

Kosa la pili la ubeti wa dua linatokana na hesabu ya mizani. Mwanachuo ameandika "Mungu akubariki". Anahesabu: Mu-ngu-a-ku-ba-ri-ki. Ni mizani saba. Anahitaji mmoja zaidi, na mmoja huo unapatikana kwa urahisi mno akiandika "Mungu atakubariki". Sasa ni minane. Lakini dua imekwisha kuondoka. "Mungu akubariki" ni ombi. "Mungu atakubariki" ni habari ya mambo yajayo, kana kwamba msemaji ameahidiwa. Wasikilizaji waliokuwa tayari kuitikia "Amina" hawana tena la kuitikia, kwa maana Amina huitikia ombi, haiitikii taarifa. Hiki pia ni kipimo kizuri darasani: baada ya kila kipande cha dua, darasa liseme "Amina". Pale ambapo Amina haikai, kitenzi kichunguzwe.

Mzani uliopungua unaweza kupatikana bila kuiharibu dua. Kiswahili kina "na" ya kutakia, inayotangulia kitenzi cha hali tegemezi: "Mungu na akubariki". Huo ni mzani wa nane, na ombi limebaki ombi.

Ubeti wa tano: kuomba na kuamrisha

Ubeti wa mwisho una kitenzi cha kuamrisha na kitenzi cha kuomba vikiwa bega kwa bega: "simama utuombee". Je, mjukuu anaweza kumwamrisha bibi yake? Sarufi inamsaidia. Amri tupu "simama" inafuatwa mara moja na hali tegemezi, "utuombee", inayoigeuza kuwa ombi: usimame ili utuombee. Kama shairi lingesema "simama, tuombee", heshima ingepungua, ijapokuwa Kiswahili kingekuwa sahihi.

Mshororo wa mwisho unavunja kibwagizo. Katika beti nne tulisema "Hajati umerejea"; katika ubeti wa tano tunasema "Sasa Hajati ingia". Sababu yake ni ya wakati. Maadamu dua haijaombwa, Bibi yupo katika hali ya -me- na hujaingia. Dua ikishaombwa, hali hiyo imekwisha, na kinachobaki ni kumkaribisha ndani. Msomaji anapaswa kunyamaza kidogo kabla ya mshororo huo, amwachie Bibi nafasi ya kuinua mikono na watu waitikie, ndipo amalize.

Tutambue pia kimilikishi: "nyumbani kwako", si "nyumbani kwetu". Vyote viwili vina mizani sawa. Lakini anayekaribishwa "kwetu" ni mgeni, na Bibi amerudi katika nyumba yake mwenyewe.

Upatanisho wa majina ya jamaa

Shairi limeanza kwa "Bibi yetu umefika", na mwanafunzi huweza kuuliza kwa nini si "Bibi wetu". Majina mengi ya jamaa yasiyo na kiambishi cha ngeli, kama bibi, babu, mama, baba, dada na kaka, hufuata ngeli ya I-ZI katika kimilikishi tu: bibi yetu, bibi zetu. Katika kitenzi, kivumishi na kionyeshi hurudi katika ngeli ya A-WA: bibi yetu mpendwa amefika, bibi zetu hawa wamefika. Kwa kuwa hapa Bibi anasemeshwa, kiambishi cha nafsi ni u- badala ya a-. Neno Hajati si jina la udugu bali ni jina la heshima, kwa hiyo tukilipa kimilikishi tutasema "Hajati wetu". Mtunzi akiandika "Hajati yetu", ameichukua kanuni ya bibi na kuipeleka isikohusika.

Mipaka ya ruhusa ya mshairi

Wanachuo wamezoea kujitetea wakisema kwamba mshairi ana ruhusa ya kuvunja sarufi kwa ajili ya mizani na vina. Shairi letu linaonyesha ruhusa hiyo inafika wapi. Limetanguliza kimilikishi mbele ya nomino, "yako hali" badala ya "hali yako", ili kupata kina -li. Limeacha neno "mara" katika "saba bila ya kusita". Limetumia "ukenda" ya mkato. Katika mambo hayo yote msikilizaji hupata maana ile ile ambayo angeipata katika nathari.

Kubadilisha kiambishi cha wakati si ruhusa ya namna hiyo, na hoja yetu ni ya hesabu tu. Viambishi -me-, -li-, -na-, -ka- na -ta- vyote ni silabi moja moja. Umefika, ulifika, unafika, ukafika na utafika vyote vina mizani minne. Kwa hiyo mizani haimlazimishi mtunzi kuchagua kimoja badala ya kingine, na vina vivyo hivyo, kwa kuwa kina hukaa mwishoni mwa kitenzi, wala si katikati yake. Mahali pawili tu ambapo hesabu hubadilika tumekwisha kupaona: vitenzi vya silabi moja baada ya -ka-, na hali tegemezi isiyo na kiambishi cha wakati. Nje ya hapo, anayeandika -li- palipotakiwa -me- hakubanwa na shairi; amekosea sarufi, na asahihishwe kama angesahihishwa katika insha.

Mazoezi

1. Andika ubeti wa kwanza upya ukidhani kwamba Bibi hayupo langoni, na kwamba mjukuu anawaeleza majirani habari ya kuwasili kwake. Badilisha viambishi vya nafsi, viambishi vya mtendwa, kimilikishi na kibwagizo inavyopasa. Hakikisha mizani haikubadilika.

2. Chunguza mshororo huu kwa kipimo cha "kisha", ueleze kosa lake, kisha uurekebishe kwa namna mbili tofauti: *Marwa na Safa ukenda, Kaaba ukaitufu.*

3. Taja ni kipande kipi kati ya hivi ni dua na kipi ni taarifa, na utoe sababu ya kisarufi: (a) *Mola akusalimishe*, (b) *Mola amekusamehe*, (c) *Mola atakusamehe*, (d) *Mola na akusamehe*.

4. Mjomba amerudi kutoka Hija, naye wapwa zake wanamngoja langoni. Tunga beti tatu za tarbia za kumpokea: wa kwanza kwa -me-, wa pili kwa -li- na -ka-, wa tatu kwa hali tegemezi. Katika ubeti wa pili taja ibada zisizopungua tatu kwa mfuatano wake. Ukimaliza, mpe mwenzako ausome ubeti wa pili akichomeka "kisha", na ubeti wa tatu akiitikia "Amina".